Gemu Zinapomdanganya Mchezaji

Katika gemu nyingi za kutisha, mhusika ana akiba ya uhai inayopungua kila anapojeruhiwa. Baadhi ya gemu huongeza akiba ya pili, nayo ni utimamu wa akili. Hiyo ikipungua, mhusika hafi. Huanza kuona mauzauza, na mchezaji huyaona pamoja naye bila kujua lipi ni la kweli.

Mfano bora ni Eternal Darkness, gemu ya kampuni ya Silicon Knights ya Kanada iliyotolewa na Nintendo mwaka 2002 kwa mashine ya GameCube. Akili hupimwa kwa mstari wa kijani. Zimwi likimwona mhusika, mstari hushuka. Akiliangusha kisha akalimaliza kwa pigo la mwisho, hupanda tena. Pigo hilo huchukua muda, kwa hiyo mchezaji huamua: aokoe akili yake, au akimbie mazimwi yanayomjia? Mstari ukiisha kabisa, kila mshtuko mpya hula uhai wenyewe.

Mauzauza huanza taratibu. Picha huinama upande, kilio husikika, kichwa cha sanamu hugeuka. Halafu gemu humvaa mchezaji mwenyewe. Sauti hupungua, na kwenye skrini hutokea alama kama ya rimoti ya runinga, hata mtu akadhani kuna aliyeikalia. Pengine anapotaka kuhifadhi mchezo, huambiwa kwamba yote aliyoyahifadhi yanafutwa. Hapo ndipo ustadi ulipo: zimwi haliwezi kumfikia aliyekaa kwenye kochi, lakini hofu ya kupoteza kazi ya siku nyingi humfikia. Baadaye skrini humulika, mhusika hupiga kelele kwamba hayo si kweli, na mambo hurudi kama yalivyokuwa.

Mmuliko huo ndio udhaifu wake. Aliyeuona mara kadhaa hutulia na kuungoja, na uongo uliokwisha kujulikana haumtishi tena.

Amnesia: The Dark Descent, ya kampuni ya Frictional Games ya Uswidi, ilikuja na njia nyingine mwaka 2010. Humo giza hula akili, lakini giza hilohilo humficha mhusika asionekane na viumbe vinavyomwinda. Mwanga huituliza akili, ila mafuta ya taa na viberiti ni haba. Hata kumkodolea macho adui huidhuru akili, hivyo mchezaji hujibanza kona akiutazama ukuta, asijue adui yuko wapi. Macho yake hunyimwa taarifa kwa uamuzi wake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hofu hudumu kuliko ile ya mauzauza yaliyopangwa. Hata hivyo, akili ikiisha mhusika huanguka kwa muda tu kisha huinuka, na mchezaji akishagundua hilo, kipimo hupoteza makali. Gemu iliyofuata katika mfululizo huo, A Machine for Pigs ya mwaka 2013, haikuwa na kipimo cha akili kabisa.