Taa za Chini ya Kabati: Anza na Adapta

Usiku, taa ya darini humwangazia mpishi mgongoni, na kivuli chake huangukia palepale anapokatia vitunguu. Ukanda wa taa za LED chini ya kabati za juu huondoa kivuli hicho. Wanunuzi wengi huchagua ukanda kwa makini, kisha huchukua adapta yoyote iliyopo dukani, ilhali mara nyingi adapta ndiyo hufa kwanza.

Adapta ni kile kisanduku kinachoshusha umeme wa ukutani hadi volti 12 au 24. Tuseme una kabati za mita 2 kushoto kwa jiko la kupikia na mita 1 kulia. Ukanda wa wati 10 kwa mita utakula wati 30. Adapta ya wati 30 kamili itafanya kazi kwa nguvu zake zote kila jioni. Itachemka, na taa zitaanza kumetameta au kujizima. Ongeza angalau robo: ya wati 40 inatosha.

Mimi ningechukua volti 24. Kwa wati zilezile, mkondo unaopita kwenye waya ni nusu ya ule wa volti 12, hivyo volti chache hupotea njiani. Ukiona mwisho wa ukanda umefifia kuliko mwanzo wake, volti zinapotea. Ulishe umeme kutoka ncha zote mbili. Ukanda na adapta viwe vya volti moja, kwani ukanda wa 12 ukipewa 24 huungua.

Kuhusu rangi, 3000K ni mwanga wa manjano mtulivu na 6500K ni mweupe wa kibuluu unaofanya nyama ionekane imepauka. Kwa kaunta napendelea 4000K, hasa kama taa ya darini ni nyeupe. Tafuta pia CRI 90 au zaidi, ili wekundu wa nyanya uonekane ulivyo.

Bandika ukanda karibu na ukingo wa mbele wa kabati, ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cheupe. Reli hupoza taa, na kifuniko huzuia vidoa vya mwanga kuakisiwa kwenye kaunta ya granaiti.

Kuta zetu za matofali ni ghali kuchimba, basi pitisha waya ndani ya kabati. Toboa tundu dogo kwenye kona ya nyuma, upandishe waya hadi juu ya kabati, na huko uweke adapta penye hewa na panapofikika. Waya wa kuvuka upande wa pili wa jiko upite juu ya kabati pia, mbali na joto na mvuke wa sufuria. Kazi ya kuunga adapta kwenye umeme wa nyumba mwachie fundi umeme mwenye leseni, na swichi kuu izimwe kwanza.