Bawasiri: Somo la akina mama laanzia kwenye sufuria ya ugali

BAWASIRI ni maradhi yanayozungumzwa kwa kunong'ona. Kwa sababu hiyo, mhudumu wa afya ya jamii anayekwenda kufundisha kikundi cha akina mama hapaswi kuanza kwa kuuliza nani anaumwa. Njia iliyo salama zaidi ni kuuliza swali ambalo kila mmoja anaweza kulijibu bila haya: "Mama zangu, jana mlikula nini?"

Tuseme mmoja anajibu kwamba asubuhi alikunywa chai kwa mkate mweupe, mchana akala ugali wa sembe kwa mchuzi wa dagaa, na usiku wali. Mlo huo hushibisha, lakini nyuzinyuzi zake, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, hazizidi gramu 9 hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2023 lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

Hapo mhudumu aeleze kinachotokea tumboni. Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mdogo hauwezi kuisaga. Hufika utumbo mpana zikiwa zimeshika maji, zikakifanya choo kiwe laini na kingi. Zikipungua, choo hukauka na mtu hulazimika kujikamua. Kujikamua huko huijaza damu mishipa iliyo kwenye njia ya haja kubwa, na kadiri siku zinavyopita mishipa hiyo huvimba na nyama inayoishikilia hulegea. Uvimbe huo ndio bawasiri.

Mjamzito yumo hatarini zaidi. Homoni za ujauzito hupunguza mwendo wa utumbo, mfuko wa uzazi hukandamiza mishipa ya nyonga, na vidonge vya madini ya chuma huweza kukaza choo. Mhudumu asisitize kwamba vidonge hivyo visiachwe, kwani upungufu wa damu ni hatari kwa mama na mtoto. Anayesumbuliwa navyo amweleze mkunga kliniki.

Baada ya hapo kikundi kirudi kwenye mlo ule ule na kuurekebisha. Sembe ikibadilishwa kwa dona, gramu 150 za unga hutoa takriban gramu 10 za nyuzinyuzi badala ya 5, kwa kuwa pumba haikuondolewa. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva huongeza gramu 6 hivi, mchicha au matembele gramu 2, na chungwa lililoliwa na nyama zake gramu 3. Jumla hufikia karibu gramu 25, na hakuna kilichonunuliwa nje ya soko la mtaani. Juisi iliyochujwa haihesabiwi, maana nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio. Mahindi ya dona yawe makavu na yasiyo na ukungu, kwani sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kosa linalowakatisha tamaa wengi ni kubadili vyote kwa siku moja. Tumbo hujaa gesi, na mama huamua kuwa maharage hayamfai. Heri aongeze chakula kimoja kila wiki. Kosa la pili ni kusahau maji: nyuzinyuzi zisipopata maji huweza kukikaza choo zaidi. Glasi sita hadi nane kwa siku huwatosha wengi, isipokuwa wenye maradhi ya moyo au figo, ambao hufuata kipimo cha daktari. Dalili ya mafanikio ni choo laini kinachotoka bila kujikamua, hata kama si kila siku. Aidha, haja ikija isiahirishwe, na chooni pasiwe mahali pa kukaa na simu.

Somo hili lina mipaka yake. Chakula huzuia bawasiri na kupunguza dalili zake, lakini uvimbe uliokwisha kutokeza nje na haurudi huhitaji tiba hospitalini. Dawa za kupaka zenye kuunguza ziepukwe. Kukalia maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hutuliza maumivu.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na mhudumu alitamke polepole: "Mama, si kila damu chooni ni bawasiri." Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu mbichi na huonekana juu ya choo, lakini saratani ya utumbo mpana nayo huweza kutoa damu ya namna hiyo. Kwa hiyo kila anayeona damu apimwe. Asicheleweshe hata kidogo ikiwa amekonda bila sababu, anachoka upesi, ana choo cheusi ilhali hatumii vidonge vya madini ya chuma, au mwenendo wa choo chake umebadilika kwa wiki kadhaa.

Kikao kikiisha, mhudumu asiondoke mara moja. Abaki kando kidogo, kwani mwenye swali la kweli mara nyingi husubiri wenzake watawanyike.