Ukiugua Miezi Tisa, Nani Atalipa Rejesho?

Karibu kila anayechukua mkopo mrefu benki nchini Tanzania hukatwa fedha za bima mwanzoni, kabla mkopo haujaingia kwenye akaunti. Akiuliza, huambiwa, "Ukifa, deni linalipwa." Ni kweli. Mikataba mingi ya namna hiyo hulipa pia mkopaji akipata ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi. Ila balaa linalozimaliza nyumba nyingi liko katikati: mtu yu hai, anatibiwa, na mshahara umekata.

Tumchukue fundi umeme wa kiwanda jijini Dar es Salaam. Ndiye pekee anayeingiza kipato, ana mke na watoto watatu, na analipa mkopo wa nyumba wa miaka 12. Mkononi hupokea shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Rejesho ni 600,000. Chakula, shule, maji na nauli ni 750,000. Jumapili moja anaanguka na bodaboda akitoka kanisani. Mkono wa kulia unavunjika na mishipa ya fahamu inaumia. Daktari anampa miezi tisa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hautamlipa, kwa sababu hakuumia kazini wala maradhi yake hayakutokana na kazi. Kinachomlinda ni sheria ya ajira: siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo nyumba haiyumbi. Mwezi wa tatu na wa nne anapokea kama 750,000, na akishalipa rejesho anabaki na 150,000 za kulisha watu watano. Kuanzia mwezi wa tano, mwajiri hadaiwi tena mshahara. Ukijumlisha pengo lote hadi mwezi wa tisa, unapata shilingi 7,950,000, bila kugusa gharama za hospitali.

Na ile bima ya mkopo? Inamjibu kwamba ulemavu wake ni wa muda. Hata mkono ukibaki dhaifu daima, asiweze tena kushika koleo wala kupanda ngazi, bado anaweza kukataliwa. Mikataba mingi hutaka mtu apoteze macho yote mawili au viungo viwili, au ashindwe kufanya kazi yoyote ile. Fundi huyu anaweza kukaa dukani, basi kwa lugha ya mkataba bado ni mzima. Maneno ya kuyatafuta ni haya: mkataba unasema "kazi yake", au unasema "kazi yoyote"? Kwa mtu anayekula kwa ufundi wa mikono, tofauti hiyo ndiyo nyumba yenyewe.

Bima inayoziba pengo lake ni ile inayolipa sehemu ya kipato kila mwezi, au kila wiki, mtu akiwa hawezi kazi. Si kila kampuni huiuza peke yake. Mara nyingi huipata ndani ya bima ya ajali binafsi, kama fao la wiki kwa ulemavu wa muda, au kama nyongeza kwenye bima ya kikundi kazini. Hapo pana mtego: bima ya ajali hulipa ajali tu. Kiharusi, kansa au figo hazimo, na mchumaji pekee anahitaji zote mbili, ajali na maradhi.

Bima hizi huwa na muda wa kusubiri kabla ya kuanza kulipa, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo ada inavyopungua. Fundi wetu hana haja ya kulipia fao linaloanza wiki ya pili, wakati mwajiri bado anampa mshahara kamili. Muda wa siku 60 ungemkuta mshahara ukielekea nusu. Siku 90 ungekuwa nafuu zaidi, mradi awe na akiba ya mwezi mmoja. Kiwango cha fao kikiwa walau 600,000 kwa mwezi, rejesho lina mwenyewe, na mke anahangaikia chakula tu. Maradhi ya zamani ayataje yote kwenye fomu, presha hata kisukari, maana kuyaficha ndiko kunakowapa kampuni sababu ya kukataa dai.

Aliyekwisha kuumia bila bima hiyo aende benki na barua ya daktari angali akipokea nusu mshahara, aombe muda wa mkopo urefushwe au marejesho yapunguzwe. Asingoje malimbikizo yafike siku 90, kwani hapo mkopo huhesabiwa kuwa mbovu na mazungumzo hubadilika. Kwa ambaye bado anafanya kazi, aombe benki nakala ya mkataba wa bima aliokatwa. Dai likikataliwa bila sababu ya kuridhisha, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na nakala hiyo ndiyo ushahidi wake wa kwanza.