Nani kaondoka, na kiti gani kiko wazi

Mkurugenzi wa kampuni ya watu arobaini na kitu kwa kawaida anawajua wote kwa majina, na ndiyo maana wengi hawaoni haja ya kuletewa ripoti ya wafanyakazi kila mwezi. Fulani akiacha kazi, bosi kesho yake ana habari. Asichokiona ni mfuatano: kwamba fulani huyo ni wa nne kutoka kwenye kazi ileile, na kwamba wote wanne waliondoka kabla ya kuuona mshahara wa nne. Kumbukumbu ya mtu haihesabu hivyo. Faili huhesabu, mradi limetunzwa.

Tutunge kiwanda cha mikate cha Temeke ili tuone hesabu inavyokwenda. Ikama yake, yaani idadi ya nafasi ambazo mkurugenzi ameziidhinisha, ni watu 48. Machi inaanza na watu 42. Katikati ya mwezi wanaajiriwa 3 na wanaondoka 4, hivyo Machi inafungwa na 41. Sentensi hiyo moja ndiyo uti wa mgongo wa ripoti, na inapaswa kuandikwa juu kabisa: waliokuwepo, jumlisha walioingia, toa waliotoka, waliobaki. Isipolingana, yote yanayofuata hayana maana.

Ofisa utumishi wa kiwanda kama hiki, ambaye mara nyingi ni huyohuyo anayeagiza karatasi za printa, hahitaji programu ya gharama. Jedwali la Excel lenye mstari mmoja kwa kila mtu linatosha: namba ya mfanyakazi, idara, kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho wa ajira, na sababu ya kuondoka. Kama tarehe za mwisho ziko safu ya E, waliotoka Machi wanapatikana hivi:

```
=COUNTIFS(E:E,">="&DATE(2025,3,1),E:E,"<="&DATE(2025,3,31))
```

Kosa linaloharibu majedwali haya ni kumfuta mtu siku anapoondoka. Mstari ukifutwa, Machi ya mwaka huu haiwezi tena kulinganishwa na ya mwaka jana, maana wa mwaka jana hawapo hata kwenye karatasi. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania kuhifadhi maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Aliyeondoka anajaziwa tarehe, hafutwi.

Na tarehe ipi? Anayelipwa kwa mwezi akiandika barua ya kuacha kazi, kwa kawaida anatoa notisi ya siku 28. Barua ya tarehe 21 Machi inamtoa mtu tarehe 18 Aprili. Huyo si wa Machi, ingawa kiwanda kizima kimeshamuaga. Anahesabiwa siku ajira inapokoma, na ripoti ya Machi inamtaja pembeni kama kiti kitakachoachwa wazi, ili kazi ya kutafuta mtu ianze kabla hajaondoka.

Kabla ya kupanda juu, hesabu ipambanishwe na orodha mbili nyingine: ya mishahara kwa mhasibu, na ya mahudhurio kwa wasimamizi wa zamu. Kwenye kiwanda chetu mafaili yanasema 41, mhasibu ameandaa mshahara wa mwezi mzima kwa watu 42, na mahudhurio ya siku ya mwisho, ukiongeza walioko likizo, yanatoa 40. Aliyezidi kwa mhasibu ni mpakiaji ambaye mkataba wake uliisha tarehe 20; faili lilifungwa lakini hakuna aliyemwambia mhasibu. Hivyo ndivyo mfanyakazi hewa anavyozaliwa, bila hila ya mtu yeyote. Aliyepungua kwenye mahudhurio ni kijana aliyekata mguu tangu tarehe 24 bila taarifa. Huyo bado ni mfanyakazi kwa maandishi. Anatafutwa, anaandikiwa, anaitwa kujieleza, na mpaka taratibu za nidhamu ziishe anabaki ndani ya wale 41, jina lake likiwa na alama.

Sasa asilimia. Wastani wa 42 na 41 ni 41.5, waliotoka 4, ugawanye kwa 41.5, uzidishe kwa 100, unapata kama 9.6. Tarakimu hii inatisha, na kwa kampuni ndogo haina uzito mkubwa hivyo. Angetoka mmoja tu ingekuwa 2.3. Kinachofaa kusomwa ni miezi 12 kwa pamoja, ikisogezwa mbele mwezi mmoja kila ripoti. Tuseme kwa miezi 12 wametoka 19, na wastani wa watu ni 43. Hiyo ni asilimia 44, na mkurugenzi anaweza kudhani karibu nusu ya kiwanda imebadilika.

Haijabadilika. Ofisa akipanga wale 19 kwa muda waliokaa, anakuta 11 hawakumaliza siku 90, na kati ya hao 8 waliajiriwa zamu ya usiku, kwenye tanuri na ukandaji. Wakongwe wapo palepale. Ni viti vichache vinavyomeza mtu na kumtema. Jedwali lina sababu moja kwa wote: "binafsi". Neno hilo lisikubaliwe hivihivi, kwani anayeacha kazi hana faida ya kumsema msimamizi siku ya kurudisha aproni. Afadhali kuwauliza waliobaki. Wanasema zamu inaisha saa tisa usiku, daladala hakuna, na mgeni asiyeishi jirani analala juu ya magunia ya unga mpaka kupambazuke. Wengi hawavumilii miezi mitatu ya maisha hayo.

Nafasi wazi nazo zina mtego wake. Ikama 48 toa 41 ni 7, lakini mbili kati ya hizo ni za utingo wa gari lililouzwa, na hakuna anayetafutiwa. Ziondolewe kwenye ikama au ziandikwe kando, vinginevyo zitaonekana kama uzembe wa ofisa kila mwezi. Mama aliye kwenye likizo ya uzazi ya siku 84 hajaacha kiti wazi, hata kama meza yake haina mtu. Zinabaki nafasi tano za kweli, na kila moja iandikwe na umri wake, kuanzia siku kiti kilipoachwa. Wengine huhesabu tangu siku ya tangazo. Mtindo huo unaruhusu nafasi iliyotangazwa upya irudi kuwa changa. Ya mwoka mmoja iko wazi tangu tarehe 12 Januari: siku 78. Ya mhasibu msaidizi ina siku 7. Wastani wa hizo mbili haumwambii mkurugenzi lolote.

Ripoti yote ikae ukurasa mmoja. Majina na sababu nyeti, kama ugonjwa, visiingie kwenye nakala inayozungushwa kwa wakuu wa idara. Penye waoka sita, kuandika "mwoka mmoja, afya" ni sawa na kumtaja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mwajiri mdogo pia. Chini kabisa ofisa aandike anachoomba kiamuliwe: usafiri wa zamu ya usiku, au zamu isogezwe imalizike alfajiri.

Mkurugenzi naye, ripoti ya Aprili ikifika, atazame kwanza mstari wa juu. Usipoanza na 41, airudishe kabla ya kusoma wa pili.