Tezi Nzima, Vipimo Vibaya

Swali ni lilelile kila wodi ya mahututi: "Daktari, karatasi ya maabara inasema homoni za tezi ziko chini. Mbona hamumpi dawa?" Uchungu wa anayeuliza naujua. Lakini imani kwamba kila kilichopungua lazima kijazwe imenichosha, kwa sababu inaumiza wagonjwa.

Chukua mwanamume wa miaka 58 mwenye nimonia kali, siku ya tano yuko kwenye mashine ya kupumulia. T3 imeshuka sana, T4 kidogo, na TSH ni 0.3, chini kidogo ya kiwango cha kawaida. Ndugu wanasema tezi imekufa. Tezi ya shingoni ikishindwa kazi, ubongo huizidishia amri na TSH hupanda; huyu yake imeshuka.

Tezi hutoa zaidi T4, kisha ini na viungo vingine huigeuza kuwa T3 yenye nguvu. Ugonjwa ukiwa mkali, ugeuzaji huo hupungua, na T4 nyingi huishia kuwa aina ya T3 isiyofanya kazi. Ubongo nao hupunguza TSH, na dopamini au steroidi tunazompa mgonjwa huishusha zaidi. Kinachoumwa ni mapafu.

Basi tumpe vidonge vya T4? Mwili uleule unaokataa kuigeuza T4 yake hautaigeuza ya kidonge. Mwaka 1986 Brent na Hershman, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapa T4 wagonjwa mahututi wa namna hii: namba za T4 zilipanda, vifo havikupungua. Kumbuka pia kwamba homoni hii huukimbiza moyo, na moyo wa mahututi tayari umeelemewa. Matone ya iodini yanayoletwa kwa siri ndiyo mabaya kabisa: mgonjwa hakupungukiwa iodini, na ikizidi inaweza kuivuruga tezi iliyokuwa nzima.

Wiki ya tatu mgonjwa wetu anapata nafuu, TSH inafika 9, na hofu inaanza upya. Hiyo ni dalili ya kupona. Inaweza hata kukaribia 20 kabla ya kutulia.

Wa kutibiwa wapo: mwenye mwili baridi, mapigo ya moyo ya polepole, kovu la upasuaji shingoni, TSH iliyozidi 20 na T4 ya chini sana. Huyo hasubirishwi. Mwenye ugonjwa wa tezi ya pituitari ni suala la bingwa. Aliyekuwa akimeza levothairoksini nyumbani aendelee nayo, kwa hiyo tuambieni mapema. Wengine wote: tibu ugonjwa uliowaleta, usipime tezi bila sababu, na kama vipimo vilikuwa vibaya, virudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kupona. Kabla ya hapo, msikubali mgonjwa wenu aanzishiwe kidonge cha maisha kwa karatasi moja iliyotoka akiwa mahututi.