Siku Yuro Ilipoanguka: Njia Mbili za Kupima Hatari na Mipaka Yake

Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitazuia tena yuro kushuka chini ya faranga 1.20. Ulinzi huo ulikuwa umewekwa Septemba 2011. Dakika chache baada ya tangazo, yuro iliporomoka, na kufikia jioni ilikuwa ikiuzwa kwa karibu faranga moja. Alpari ya Uingereza, kampuni iliyowahudumia watu wanaofanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, ilifilisika. FXCM ya Marekani, ambayo wateja wake walijikuta wanadaiwa takriban dola milioni 225, ilinusurika kwa mkopo wa dola milioni 300.

Siku moja tu kabla ya hapo, mtu aliyepima hatari ya kushika yuro kwa njia za kawaida angeambiwa mambo ni shwari. Njia hizo ni mbili, na kisa hiki kinaonyesha vizuri nguvu na udhaifu wa kila moja.

Kipimo chenyewe huitwa thamani iliyo hatarini. Hujibu swali hili: katika siku 99 kati ya 100, hasara yangu haitazidi kiasi gani? Tuchukue mfanyabiashara anayeshika yuro milioni moja na kuandika hesabu zake kwa faranga. Mwanzoni mwa Januari 2015 mali yake ni faranga 1,200,000 hivi.

Njia ya kwanza: kuuliza historia

Katika uigaji wa kihistoria, mpimaji huchukua mabadiliko ya bei ya kila siku kwa, tuseme, siku 500 zilizopita. Kila badiliko hulitumia kwenye mali ya leo, kana kwamba siku ile inarudi kesho. Hupata matokeo 500, na kuyapanga kuanzia hasara kubwa hadi faida kubwa. Asilimia moja ya 500 ni tano, kwa hiyo anasoma hasara ya tano kutoka juu.

Wakati wa ulinzi yuro ilitulia sana, hasa katika miezi ya mwisho. Tukichukua kwamba hasara ya tano ilikuwa asilimia 0.23, kipimo kinatoa takriban faranga 2,800.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haimlazimishi mpimaji kubuni kanuni kuhusu tabia ya bei. Benki yenye dhamana za serikali, hisa na fedha za nchi kumi haihitaji kukisia jinsi vitu hivyo vinavyovutana, kwa sababu siku halisi zilizopita tayari zinabeba mivutano hiyo. Pia ni rahisi kueleweka: mkurugenzi akiuliza namba imetoka wapi, anaonyeshwa tarehe.

Lakini siku zote 500 zilikuwa ndani ya kipindi cha ulinzi. Hakuna hata moja iliyoonyesha ulinzi ukiondolewa, na njia hii haiwezi kuleta siku isiyokuwamo kwenye kumbukumbu zake.

Kuna udhaifu mwingine usioonekana haraka. Baada ya tarehe 15 Januari, siku ile ya maafa iliingia kwenye orodha ikakaa nafasi ya kwanza. Sisi tunasoma nafasi ya tano. Kwa hiyo siku hiyo peke yake inasogeza orodha hatua moja tu: iliyokuwa ya nne inakuwa ya tano. Iwe yuro imeshuka asilimia 17 au 60, jibu linabaki lile lile. Na siku 500 zikishapita, siku hiyo hutoka kwenye orodha, kipimo kikashuka, ingawa siku hiyo hakuna lolote lililobadilika sokoni.

Njia ya pili: kubuni siku zijazo

Uigaji wa nasibu, ambao wataalamu huuita Monte Kalo kwa jina la mtaa wa kasino huko Monako, hauchukui siku za zamani moja kwa moja. Mpimaji kwanza huandika kanuni ya jinsi bei inavyotembea, kisha kompyuta huzalisha siku 10,000 za kubuni kwa kufuata kanuni hiyo. Matokeo yanapangwa kama awali, na safari hii husomwa hasara ya mia moja kutoka juu.

Kanuni ya kawaida ni ile ya mchoro wenye umbo la kengele: siku nyingi bei husogea kidogo, na misogeo mikubwa ni adimu sana. Tukichukua kiwango cha kawaida cha kuyumba kuwa asilimia 0.1 kwa siku, mpaka wa siku 99 kati ya 100 uko kwenye mara 2.33 ya kiwango hicho. Jibu ni takriban faranga 2,800 tena. Hasara ya kweli jioni ile ilikaribia faranga 200,000, mara 70 hivi ya kipimo.

Je, siku za kubuni zikiongezwa ziwe milioni kumi? Jibu lingetulia zaidi, kwa maana ukirudia hesabu usingepata namba tofauti sana. Ili kupunguza mtikisiko huo kwa nusu, unahitaji siku mara nne. Lakini utulivu wa jibu hautibu kanuni mbovu. Kwa kanuni ya kengele, kuanguka kwa asilimia 17 hakutokei hata ukisubiri umri wote wa dunia.

Hata hivyo, njia hii ina uwezo ambao historia haina: kanuni inaweza kubadilishwa. Mpimaji makini wa mwaka 2014 angeweza kuandika kwamba kila siku kuna uwezekano wa asilimia 0.2 ulinzi kuondolewa na yuro kushuka asilimia 15. Katika siku 10,000 za kubuni, maafa hayo yangetokea mara 20 hivi, kila moja ikila faranga 180,000.

Cha kushangaza ni kwamba kipimo kingepanda kutoka 2,800 hadi 2,900 tu. Tunasoma hasara ya mia moja, na yale maafa 20 yamekaa juu yake, nje ya macho. Tukichukua badala yake wastani wa hasara zote mia moja mbaya zaidi, tunapata karibu faranga 38,600. Hapo hatari inajitokeza. Ndiyo maana Kamati ya Basel, inayoweka viwango vya usimamizi wa mabenki, katika kanuni zake mpya za hatari ya soko imeelekea kwenye wastani wa mkia huo badala ya mpaka wake pekee.

Udhaifu ni huu: ile asilimia 0.2 imetoka wapi? Imetoka kwa mtu. Mpimaji mwingine angeandika sifuri, na kompyuta ingemtii vilevile.

Ipi itumike?

Kwa mali zenye historia ndefu iliyopitia shwari na dhoruba, uigaji wa kihistoria ni mwaminifu na nafuu. Kwa mikataba tata, au pale bei inapozuiwa na amri ya serikali au benki kuu, uigaji wa nasibu ndio wenye nafasi ya kuingiza tukio ambalo halijatokea bado, mradi aliyeandika kanuni amelifikiria.

Kwa hiyo ukionyeshwa kipimo cha hatari, iwe cha benki, mfuko wa pensheni au mfuko wa uwekezaji, uliza mambo mawili kabla ya kukiamini. Kama ni cha historia: siku hizo zinaanzia lini, na ndani yake kuna mwaka gani mbaya? Kama ni cha nasibu: nani aliandika kanuni, na ameruhusu bei iruke kiasi gani? Halafu uliza la tatu, linalohusu njia zote mbili: mpaka huo ukivukwa, wastani wa hasara ni kiasi gani?