Faiba haina waya wa saa: Jinsi kipokezi kinavyojua biti inapoanzia

MKAZI wa Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, anapofungua ukurasa wa mtandao kwenye simu yake, huenda ujumbe anaousoma umepita chini ya bahari hadi Mombasa, ambako kebo za SEACOM na TEAMS zilianza kuunganisha Kenya na ulimwengu mwaka wa 2009. Kutoka huko husafiri mamia ya kilomita ndani ya nyuzi za kioo kabla ya kurushwa hewani na mnara wa simu.

Katika uzi huo wa kioo hamna kitu kingine ila mwanga unaong'aa na kufifia. Mwanga mkali ni 1, hafifu ni 0. Kinachokosekana ni ishara ya kuambia kipokezi wakati gani biti moja imekwisha na nyingine imeanza. Sufuri tano zikifuatana, kipokezi huona kipindi kimoja tu cha giza. Kitajuaje kuwa ni tano wala si nne au sita?

Ndani ya kompyuta, ambako vijenzi vimepangwa karibu karibu, mara nyingi huwekwa waya wa pili unaobeba mapigo ya saa. Katika masafa marefu mpango huo haufai. Kwenye kiungo cha faiba cha biti bilioni 1 kwa sekunde, mwanga huwashwa na kuzimwa kwa mwendo wa mapigo bilioni 1.25 kwa sekunde, kwa sababu itakayoelezwa baadaye. Kila pigo hudumu sehemu 0.8 ya nanosekunde. Kwa kuwa mwanga hupita kwenye kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, pigo moja huchukua nafasi ya sentimita 16 tu ndani ya uzi. Uzi wa saa ukizidi ule wa data kwa sentimita 16 katika safari nzima, saa itakuwa imeachwa nyuma kwa biti moja kamili. Hakuna fundi awezaye kuchimba mtaro wa kilomita 50 na kulaza nyuzi mbili kwa usawa wa namna hiyo.

Mtu angedhani kwamba yatosha kila upande uwe na saa yake. Kila upande kwa kweli unayo: kipande kidogo cha kristali kinachotetema. Lakini kristali mbili hazilingani kamwe. Viwango vya mitandao ya aina hii huruhusu kristali ikosee kwa sehemu 100 katika milioni, sawa na saa ya mkononi inayokosea kwa sekunde zisizofika tisa kwa siku. Ya huku ikienda mbele kiasi hicho na ya kule ikichelewa vivyo hivyo, tofauti inakuwa sehemu 200 katika milioni. Baada ya mapigo 2,500, kipokezi kilichoanza kupima katikati ya biti kitakuwa kimeteleza nusu biti na kujikuta kikipima mpakani. Hayo ni maikrosekunde mbili tu, muda wa kupokea baiti 250, ilhali kifurushi kimoja cha data huweza kufikia baiti 1,518.

Suluhisho ni kuichota saa kutoka katika data yenyewe. Ni kama mtu mwenye saa inayokimbia, ambaye kila asikiapo milio ya redio kabla ya taarifa ya habari huirekebisha kidogo. Saa yake ni mbovu, lakini haipati nafasi ya kupotea mbali. Milio ya kipokezi ni yale mageuko kutoka giza hadi mwanga, na kutoka mwanga hadi giza. Mageuko hayo hutokea mpakani mwa biti, na kwa hiyo hubeba habari za saa ya mtumaji bila ya mtu kuziandika.

Njia moja ya kuyasoma, iliyoelezwa na J.D.H. Alexander mwaka wa 1975, ni nyepesi ajabu. Kipokezi hupima mwanga mara tatu: katikati ya biti iliyopita, mahali kinapodhani pana mpaka, na katikati ya biti inayofuata. Tuseme kimepata 0, 0, 1. Biti zimebadilika, lakini kipimo cha mpakani bado kinafanana na cha kwanza. Maana yake geuko halijafika, na saa ya kipokezi imewahi. Kikipata 0, 1, 1, geuko limekwisha kupita, na saa imechelewa. Kikipata 0, 0, 0, hakuna habari yoyote, na saa huachwa iendelee kama ilivyokuwa.

Hukumu hiyo ya "umewahi" au "umechelewa" hupelekwa kwenye kitetemeshi ambacho mwendo wake hubadilika kulingana na volteji. Marekebisho hufanywa kidogo kidogo kwa makusudi. Mageuko hayafiki kwa wakati mkamilifu; kelele za umeme huyasukuma huku na huku. Kipokezi chenye pupa kitafuata kila kelele, na kilicho kizito kitashindwa kumfuata mtumaji anapobadilisha mwendo kikweli. Uhandisi wote wa kifaa hiki uko katika kuchagua kati ya hayo mawili.

Linabaki swali la picha yenye weusi mtupu, au faili iliyojaa sufuri. Hapo mageuko yangekosekana kabisa, kama redio iliyoishiwa betri. Ndiyo sababu ya ile 1.25. Mwaka wa 1983, Albert Widmer na Peter Franaszek wa kampuni ya IBM walichapisha mfumo uitwao 8b/10b, ambao hugeuza kila biti nane kuwa kumi zilizochaguliwa kwa uangalifu. Baiti ya sufuri tupu hutumwa kama 1001110100, au kinyume chake. Ikirudiwa mfululizo, mpangilio huo una mageuko sita katika kila biti kumi. Katika mfumo mzima, biti zinazofanana hazizidi tano mfululizo. Katika muda wa biti tano, zile kristali mbili zetu hutofautiana kwa sehemu moja tu ya elfu ya biti.

Gharama yake ni robo ya mapigo zaidi. Viungo vya biti bilioni 10 vilikataa kulipa bei hiyo. Vingi hutumia 64b/66b, ambayo huongeza biti mbili kwa kila 64 na kuzivuruga zilizobaki kwa hesabu maalumu. Hapo ni biti hizo mbili tu zilizohakikishiwa geuko, mengine yakiachiwa bahati, ingawa uwezekano wa bahati hiyo kukosa ni mdogo mno.

Hata usiku wa manane, watu wote wakiwa wamelala, mtumaji wa 8b/10b haachi kutuma alama za kujaza nafasi. Akinyamaza, kipokezi kitarudi kwenye kristali yake na kulazimika kuanza upya.

Fundi hutambuaje kwamba saa ndiyo yenye ugonjwa? Kiunganishi chenye vumbi hudhoofisha mwanga, mageuko yakaanza kuyumba, na biti chache zikasomwa vibaya: kiungo kinaonekana kizima, lakini hesabu ya makosa iliyoandikwa `CRC` huzidi kupanda. Ikiwa mwanga unapimwa kuwa wa kutosha na bado kiungo hakiwaki kabisa, la kukagua kwanza ni kama kifaa cha biti bilioni 10 kimechomekwa upande mmoja na cha bilioni 1 upande wa pili. Kipokezi kinauona mwanga vizuri, ila mapigo yake yako mbali mno na mwendo ambao kitetemeshi chake kinaweza kuufuata.